"Hii arobaini na mbili mmeila wapi?" Wakuu, leo nimetukanwa mbele ya bodi nzima

Wakuu habari za saa hizi. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata gari sijawasha, naandika nikiwa parking.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule mwekezaji wa kila kongamano, anayekaa kiti cha mbele na kuuliza "soko lenu lina ukubwa gani" kabla hujamaliza hata kusalimia. Shati jeupe, miwani ya kamba. Huyo huyo.

Sisi tuna aplikesheni ya kufundishia Kiswahili watoto wa Watanzania na Wakenya walioko nje. Wateja wetu wengi wako Uingereza, na kifurushi cha mwezi ni pauni 5.99. Malipo yote yanapita kwenye duka la aplikesheni la simu. Mzazi analipa duka, duka linakata chake, kinachobaki linatutumia. Kila mtu humu anajua mchezo ulivyo.

Mzee akachukua idadi ya wasajili wa mwezi, akazidisha kwa 5.99 kwenye kikokotoo cha simu. Akaomba taarifa ya benki. Akagawanya, akapata pengo la asilimia arobaini na mbili. Akavua miwani. Akatugeukia, mimi na mwenzangu, bodi yote ikisikiliza: "Vijana, hii arobaini na mbili mmeila wapi?"

MMEILA. Wapi. Dada aliyekuwa anamimina chai aliganda na birika hewani. Kiyoyozi chenyewe kilinyamaza ili kisikie tutajibu nini. Mjumbe mmoja akaanza kukagua viatu vyangu, nadhani anatafuta arobaini na mbili imefichwa kwenye soli.

Nikajaribu kueleza. Mteja analipa 5.99. Ndani yake kuna VAT ya Uingereza, asilimia 20, inabaki 4.99. Duka linachukua asilimia 30 ya hiyo 4.99, yaani 1.50. Kinachoingia benki ni 3.49. Senti haijaliwa na mtu! Mhasibu wetu ameandika 4.99 kama mapato na 1.50 kama gharama. Ndipo mzee akapata nguvu mpya: "Kwa hiyo kwenye simu ni 5.99, kwenye vitabu 4.99, benki 3.49. Mna vitabu vitatu!" Halafu akarudia, taratibu, kama anamsomea mtoto: mmeila wapi.

Na chini ya yote hayo, mkataba wetu naye unampa asilimia 5 ya "mapato". Anataka ihesabiwe kwenye 5.99. Yaani alipwe hata sehemu ya kodi ya Mfalme wa Uingereza.

Mmeila wapi. Mimi, niliyekuja kikaoni na bodaboda ya mkopo!

---

Pweza wa Feri
Umesema uko parking hujawasha gari, chini umesema umekuja na bodaboda ya mkopo. Mkuu, hata mimi naanza kuuliza arobaini na mbili iko wapi.

Ngoja Waje
Nimevuta kiti. Bisi zipo jikoni.

Kobe wa Mbagala
Mleta uzi usikasirike, mzee ana pointi. Biashara ni pesa mkononi. Pato lako ni kile kilichoingia benki, 3.49, basi. Hiyo 4.99 hujawahi kuishika hata siku moja. Andika 3.49 kila mahali, namba inakuwa moja, na hakuna atakayekuuliza umekula wapi.

Mama Leja
Kobe, nusu yako iko sawa, nusu umeikanyaga.

Pauni moja ya VAT si ya mleta uzi na haijawahi kuwa yake. Duka linaikusanya kwa mteja na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kwa hiyo 5.99 haiingii kwenye mapato kwa namna yoyote ile, hata ukiita ghafi mara kumi. Hapo mzee kapotea kabisa, na ndiyo sababu alipata 42 badala ya 30. Angeanzia kwenye 4.99 angekuta pengo ni komisheni peke yake.

Baada ya hapo ndipo kuna swali la kweli: 4.99 au 3.49? Hilo halijibiwi na benki. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 15 kinauliza nani anamuuzia mteja. Huduma kabla haijamfikia mzazi ilikuwa mikononi mwa nani? Masomo katengeneza nani? Somo likigoma kufunguka, mzazi anamlalamikia nani? Bei kaichagua nani? Kama majibu yote ni "sisi", basi wewe ndiye muuzaji na duka ni wakala wako. Unaandika 4.99 yote, na ile 1.50 unaishusha kwenye gharama za mauzo. Duolingo na Match Group wanaripoti hivyo hivyo, ada za maduka zimekaa kwenye gharama. Mhasibu wako yuko sahihi.

Na faida haibadiliki. 4.99 toa 1.50, au 3.49 moja kwa moja, chini unafika pale pale. Kinachobadilika ni uwiano. Ukiandika 3.49, biashara itaonekana ndogo lakini yenye faida nono kwa asilimia, na ukijilinganisha na wanaoandika ghafi utakuwa unajidanganya.

Sasa na mimi nina swali. Kwa nini unakatwa 30?

Fundi Tarakimu
Nilikuwa naelekea huko huko. Kama ni App Store, tangu 2021 kuna mpango wa wafanyabiashara wadogo. Mapato yako ya mwaka uliopita yakiwa hayajazidi dola milioni 1, komisheni ni 15. Lakini haiji yenyewe, lazima ujiandikishe, na hairudi nyuma kufidia miezi uliyokwishakatwa. Wewe mleta uzi una dola milioni?

Pweza wa Feri
Wakuu nimepiga hesabu. 15 ya 4.99 ni senti 75. Kwa kila mtoto wa Birmingham anayejifunza "sungura na fisi", senti 75 zimeliwa kila mwezi. Mzee hakukosea, alikosea asilimia tu 😂😂😂

Mleta uzi
Hiyo siyo mada. Mada ni mtu mzima kuuliza watoto wa wenzake MMEILA WAPI mbele ya dada wa chai.

Ngoja Waje
Hajajiandikisha huyu.

Kobe wa Mbagala
Mama Leja asante, ila mimi nimewahi kusoma Zynga walikuwa wanaandika kiasi baada ya makato, na ile ilikuwa kampuni ya soko la hisa. Kwa hiyo msinione mjinga.

Mama Leja
Ni kweli, kwa michezo yao ndani ya Facebook. Mchezaji alikuwa analipa kwa Facebook Credits, na bei ya hizo Credits alipanga Facebook, si Zynga. Asilimia 30 ilibaki Facebook na Zynga wakaandika iliyobaki. Kwa upande wa simu, ambako bei walipanga wenyewe, waliandika ghafi. Kampuni moja, majibu mawili. Ndiyo maana nasema angalieni mkataba wa duka, si taarifa ya benki.

Bin Hilali Muscat
Na mimi niweke langu. Nauza kifurushi cha mwaka, wateja wangu ni wa Uingereza pia, 59.99. Ilipoingia yote niliandika mapato ya mwezi ule ule. Mkaguzi alikuja akanitazama kama nimeiba kuku.

Mama Leja
Alikuwa na haki. Toa VAT, unabaki na 49.99, lakini bado unamdai mteja? Hapana, yeye ndiye anayekudai miezi 12 ya huduma. Kila mwezi unatambua kama 4.17, iliyobaki inakaa kwenye madeni kama mapato yaliyopokelewa kabla ya wakati. Na komisheni nayo usiimalize siku ya kwanza. Kama umekatwa 15.00, nayo itembee pamoja na mapato, 1.25 kwa mwezi. Ukieneza mapato ukaacha komisheni yote mwezi wa kwanza, mwezi huo utaonekana umefilisika na 11 inayofuata utaonekana tajiri.

Kobe, hapa ndipo "kilichoingia benki" kinapokufa. Mwezi wa hesabu wa Apple unaishia Jumamosi, si tarehe 31, na pesa inaweza kufika hadi siku 45 baadaye. Pesa ya benki ya Machi si mauzo ya Machi. Mleta uzi, kwenye ripoti ya duka angalia safu ya `Proceeds` uilinganishe na malipo ya kipindi hicho hicho. Mzee alichukua wasajili wa mwezi mmoja na benki ya mwezi mwingine. Hata hiyo 42 kaipata kwa bahati.

Mleta uzi
HAYA! MMESIKIA? Kwa bahati! Nai-screenshot naipeleka kwenye grupu la bodi. Na ile asilimia 5 yake je? Mkataba unasema "mapato" tu, hauna neno jingine.

Fundi Tarakimu
Kwa 5.99 anachukua kama senti 30, kwa 4.99 senti 25, kwa 3.49 senti 17. Mimi ningesema 4.99, ndiyo iliyo kwenye hesabu zilizokaguliwa.

Mama Leja
Mimi sina uhakika atakubali, na mwanasheria wake hatakubali. Neno "mapato" peke yake kwenye mkataba ni kesi inayosubiri tarehe. Viwango vya uhasibu haviamui mlikubaliana nini nyinyi wawili.

Kobe wa Mbagala
Mimi bado nasema 3.49.

Mzee wa Tozo
Mnalia na duka la nje wakati humu ndani 2021 tulikatwa tozo ya miamala kutuma pesa, kutoa pesa, karibu na kuifikiria pesa. Mimi wakala, mteja alikuwa ananitukana mimi kama vile tozo naila mimi. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Pweza wa Feri
Mzee wa Tozo, uliila wapi?

Mama Twins
Samahanini wapendwa, naona mnaongelea kukatwa. Mimi nakatwa kila mwezi kwenye iPhone, aplikesheni ya katuni watoto walijiunga nayo wenyewe. Nimeshaifuta kwenye simu lakini bado nakatwa. Nifanyeje?

Fundi Tarakimu
Dada, kufuta aplikesheni hakukatishi usajili. Ingia Settings, gusa jina lako juu, kisha Subscriptions, utaiona hapo, gusa Cancel.

Mama Twins
Mungu akubariki, nimeiona! Tena ziko tatu 😭 Na hela waliyokwisha kula nadai kwa nani?

Fundi Tarakimu
reportaproblem.apple.com, unachagua malipo unaomba kurejeshewa. Si lazima wakubali, lakini jaribu.

Mama Leja
Na wakikubali, duka linamnyang'anya mtengenezaji kwenye malipo yake yajayo. Mapato yaliyoandikwa yanarudi nyuma.

Mleta uzi
Mama Twins, hiyo ya katuni ni ya nani? Usidai kabla hatujajua.

Mama Twins
Nimeshadai zote tatu. Moja ina picha ya sungura na fisi.