Monorepo au repo nyingi: tuhame?

Tarishi: Tuko sita. Repo ya seva, ya tovuti, ya programu ya simu, na ya nne ni kifurushi cha aina za data kinachotumiwa na zote. Kikiguswa kidogo tu, tunachapisha toleo jipya na kulisasisha mara tatu. Tuhamie monorepo?

Msumari: Hameni leo. Kwa pnpm, weka `pnpm-workspace.yaml` kwenye mzizi:

```yaml
packages:
  - "apps/*"
  - "packages/*"
```

Kisha kila programu ikitaje kifurushi kwa `"workspace:*"` ndani ya `package.json` yake. Kuchapisha kumekwisha. Anayeng'ang'ania repo nyingi ni mvivu wa kupanga kazi.

Kibuyu: Mvivu nani? Nina repo 11 kwa sababu nafanya kazi na mafundi wa nje. Git haina ruhusa ya kusoma folda kwa folda. Ukimpa mtu repo umempa yote, na historia yake.

Msumari: Kuna CODEOWNERS.

Kibuyu: Hiyo inapanga nani aidhinishe mabadiliko. Haifichi hata mstari mmoja.

Jongoo: Mbona Google wana repo moja yenye mabilioni ya mistari?

Kibuyu: Kwa Piper, mfumo waliojijengea wenyewe. Wewe unao?

Mama Seva: Acheni Google. Msumari, `workspace:*` ni sahihi, ila kuna shimo tulilotumbukia. Tulibadilisha `jina` kuwa `jinaKamili` kwenye aina, seva na simu kwa mpigo mmoja. Majaribio yote yakapita, maana yalilinganisha msimbo mpya na msimbo mpya. Seva ikapanda mchana uleule. Programu ya simu ikasubiri kukaguliwa dukani, na hata ilipotoka, wengi hawakuisasisha. Wasifu wao ukawa mtupu. Sasa seva inarudisha sehemu zote mbili hadi matoleo ya zamani yaishe kwenye kumbukumbu za maombi.

Msumari: Hilo lingetokea hata kwenye repo nyingi.

Mama Seva: Lingeweza. Ila kupandisha namba ya toleo kulikuwa kunatulazimisha kuuliza nani bado yuko kwenye la zamani.

Jongoo: Kwetu monorepo iliua kasi, kila badiliko linaendesha majaribio yote.

Mama Seva: Endesha majaribio ya vifurushi vilivyoguswa na vinavyovitegemea tu:

```
pnpm --filter "...[origin/main]" test
```

Kwenye GitHub Actions weka `fetch-depth: 0` katika hatua ya `actions/checkout`. Bila hivyo inavuta komiti moja tu, na hakuna `origin/main` ya kulinganisha nayo.

Tarishi: Sikusema mwanzoni: programu ya simu inaandikwa na kampuni ya nje.

Mama Seva: Basi seva, tovuti na kifurushi vikae pamoja, simu ibaki na repo yake. Kwa ajili yao endeleeni kuchapisha kifurushi. pnpm yenyewe hugeuza `workspace:*` kuwa namba halisi wakati wa kuchapisha.

Kibuyu: Ndicho nilichosema. Msumari, bado nasubiri ulifute lile neno.

Msumari: Kwa watu wa nje, nalifuta. Kwa timu moja ya watu sita, silifuti.