Kampuni za kubeti, futeni hawa "huduma kwa wateja" feki kwenye kurasa zenu!

Kipanga_wa_Mbagala: Wakuu, nimechafukwa. Mkeka wa mdogo wangu umetiki, kaomba kutoa 186,000, hela ikaganda kwenye "Pending". Akaenda kulalamika kwenye ukurasa wa Facebook wa kampuni. Muda si muda akaunti yenye nembo ileile ikamjibu, "ndugu mteja, njoo WhatsApp." Huko akaambiwa apakue AnyDesk, programu ya kuona na kuongoza simu ya mtu ukiwa mbali, ili "warekebishe akaunti", asome namba zilizotokea, abonyeze kukubali. Kisha akawashishwa Accessibility, ile ruhusa inayoiachia programu ibonyeze simu yako.

Baada ya hapo akaambiwa aangalie salio "tuhakiki laini". Dogo akaingia menyu ya nyota, akaandika PIN, huku jamaa anaitazama. Simu ikaanza kujibonyeza yenyewe! Akiba yote ikahamishwa, na mkopo wa simu ukachukuliwa kwa jina lake.

Kampuni nimewaandikia. Wamefuta komenti yangu, ya tapeli wameiacha. Hii ni haki?

BabaMikeka: Mkuu, tapeli hawezi kuiba kama hujamtajia PIN. Dogo aulizwe vizuri.

Fundi_Simu_Kkoo: @BabaMikeka, kutotaja PIN ni sawa, lakini hapa hakuhitaji kutajiwa. Kwenye simu nyingi menyu ya nyota inaonyesha tarakimu waziwazi unapoziandika. Programu za benki nyingi huzuia kioo kurushwa, mwenzako anaona weusi mtupu, ndiyo maana hawa wanakusukuma kwenye menyu. Na meseji ya namba ya uthibitisho ikiingia, anaisoma kabla yako.

Kipanga, dogo asibadilishe PIN kwenye hiyo simu kwanza, ataonyesha mpya pia. Azime data na waifai, azime ruhusa ya Accessibility, afute AnyDesk na kile kiprogramu cha kuongozea simu kilichowekwa nayo, ndipo abadilishe PIN na nywila ya akaunti ya kubeti. Hiyo AnyDesk yenyewe si virusi, mafundi tunaitumia. Ila kampuni ya kubeti akaunti yako inaiona kwenye mitambo yao, kioo chako cha nini? Wanahitaji namba yako ya simu na kumbukumbu ya muamala tu.

Mama_Tausi: Yangu nayo iko pending tangu Ijumaa. Ni kampuni gani hiyo? Nikipakua hiyo AnyDesk hela itatoka?

Kipanga_wa_Mbagala: Mama, USIPAKUE! Soma uzi tangu juu.

Fundi_Simu_Kkoo: Namba ya tapeli itume 15040, halafu polisi mchukue RB. Mtandao mwombeni wazuie pesa ilikokwenda, kama haijatolewa kwa wakala.

Kipanga_wa_Mbagala: RB tunayo. Mtandao wanasema mkopo alipe, kwa kuwa PIN iliyotumika ni sahihi.

BabaMikeka: Hapo wana haki.

Fundi_Simu_Kkoo: Sikubaliani. Msilipe kabla hamjapeleka malalamiko kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Kama watawafutia, hilo siwezi kuahidi.