Tupeane uzoefu: majina ya wageni yanavyogeuka redioni, gazetini na darasani

Mhariri wa Usiku:
Wakuu, salaam. Nipo dawati la habari za kimataifa katika gazeti la Kiswahili, na kila siku jambo hili linanipitia mikononi. Gazetini tunaandika Trump na Bush, herufi zilezile walizozaliwa nazo. Lakini msome mtu gazeti hilohilo kwa sauti kijiweni, utasikia Trampu na Bushi. Jina linakuwa na sura mbili kwa wakati mmoja, moja ya macho na moja ya masikio, na hakuna anayeona ajabu.

Wanaotutoka kwenye utaratibu huo ni mapapa. Vyombo vya Kanisa vimekuwa vikiandika Papa Yohane Paulo II na Papa Benedikto XVI, na sisi tukafuata. Waziri mkuu wa Uingereza tukamwacha John, papa akawa Yohane. Alipochaguliwa Leo XIV mwezi Mei 2025 nilidhani tumepumzika, maana jina limekuja limeshanyooka, halihitaji irabu wala chochote. Kumbe lina taabu yake. Gazetini herufi kubwa inasaidia, lakini redioni "Papa Leo amewasili" ni Papa yupi, na amewasili lini? Wenzetu wa redio sasa wanalazimika kusema "Papa Leo wa Kumi na Nne" kila mara.

Naomba tupeane uzoefu. Kwenye kazi yako, shuleni kwako, au nyumbani, jina gani la kigeni umeliona likigeuka, na liligeukaje?

Chaki Nyeupe:
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Nyanda za Juu Kusini. Rejista zangu za zamani zimejaa haya. Robati, Richadi, Benadi, Chalesi, Magreti. Wazazi walikuja kuandikisha watoto na kutaja jina kwa mdomo, mwalimu akaandika alichosikia.

Kanuni yake ni nyepesi. Kiswahili hakipendi neno liishe na konsonanti, kwa hiyo tunaweka i mwishoni, basi. Danieli, Samweli, Robati, Bushi. Majina yote yametoka kwa Mwingereza, tumeongeza i tu.

Mama Kelvini:
Afadhali mmeleta mada hii. Mwanangu cheti cha kuzaliwa kinasema Kelvin, cha shule kinasema Kelvini. Kufika kwenye ofisi moja ya mkopo wa masomo tukaambiwa hawa ni watu wawili. Sasa nibadilishe lipi? Na ni halali kumbadilishia mtoto jina akiwa mkubwa?

Mhariri wa Usiku:
Dada, pole. Hapa tunaongelea zaidi namna majina yanavyogeuka kuliko kuyabadilisha kisheria, ila lako linahusika, maana ni i ileile ya Mwalimu. Kwa kawaida wakili huandaa hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, halafu unaiambatanisha. Waulize kwanza hiyo ofisi inakubali hati ya namna gani kabla hujalipa.

Mama Kelvini:
Asante kaka. Nitafuatilia. Aliyeongeza hiyo i hakujua inagharimu kiasi gani.

Mzee wa Studio:
Vijana, hamjambo. Nimesoma taarifa ya habari redioni tangu enzi za mashine za kuchapa. Mwalimu amesema kweli nusu, naomba nimwongezee nusu iliyobaki.

Si kila jina linapewa i. Tazama midomo yako unapofika mwisho wa jina. Ikiwa konsonanti ya mwisho inafunga midomo, au mdomo unagusa meno, irabu inayokuja ni u: Ibrahimu, Adamu, Yusufu, Trampu. Ikiwa ulimi ndio unaofanya kazi, inakuja i: Danieli, Bushi, Klintoni, Davidi. Hakuna aliyetufundisha, mdomo wenyewe unateleza kwenye irabu iliyo karibu. Mtu akiwaandikia Ibrahimi kwa maana ya Ibrahimu, sikio linakataa mara moja.

Jambo la pili, majina mengi ya Agano Jipya hayakuongezwa kitu. Yamepunguzwa. Kigiriki kilikuwa na Petros, Markos, Paulos, Lukas, Stefanos. Ondoa ile s ya mwisho, unabaki na Petro, Marko, Paulo, Luka, Stefano, yote yanaishia na irabu. Ingekuwa yametoka kwa Mwingereza, leo tungekuwa na Pita na Poli katika Injili.

Na manabii wa kale, wengi walikuwa wameshafika pwani kwa Kiarabu kabla ya mmishenari kushuka melini: Ibrahimu, Musa, Daudi, Sulemani, Ayubu, Nuhu. Watafsiri wa Biblia wakayakuta mdomoni mwa watu, wakayachukua.

Chaki Nyeupe:
Shikamoo Mzee. Hapo kwenye Yusufu nina swali. Darasani kwangu Yusufu huwa Mwislamu na Yosefu ni Mkristo. Biblia haina Yusufu, sivyo?

Mzee wa Studio:
Marahaba Mwalimu. Fungua Biblia ya Union Version, ile inayotumiwa sana na Waprotestanti, Mathayo sura ya kwanza. Mume wa Mariamu anaitwa Yusufu. Wakatoliki ndio wanaosema Mtakatifu Yosefu, na mkewe ni Maria. Mtu mmoja, njia mbili. Ukiongeza na Josefu wa rejista yako, aliyekuja kwa Kiingereza, unapata njia tatu.

Mkongo wa Bukavu:
Kwetu huku kuna njia ya nne. Robati wenu hatumjui. Sisi tuna Robere, na Albati wenu ni Albere. Mfaransa anaandika t mwishoni lakini haitamki, basi wazee wetu hawakuisikia. Yule aliyelisikia jina kwa Mwingereza akapoteza r ya katikati, maana Mwingereza naye haitamki, akabaki na t. Yule aliyelisikia kwa Mfaransa akapoteza t, akabaki na r. Ukinionyesha namna babu alivyoliandika jina nitakuambia alibatizwa upande gani wa ziwa.

Mhariri wa Usiku:
Hii nimeipenda sana. Na yupo wa upande mwingine tena, ambaye jina lilimjia kwa kitabu cha Kilatini na si kwa sikio. Huyo hapotezi kitu: Bernardo, Karoli. Shule ngapi zinaitwa Karoli Lwanga? Wakati Chalesi wa rejista ya Mwalimu ni jina lilelile.

Kijana wa Mpira:
Mimi nasikiliza sana matangazo ya mpira. Wazungu walihangaika na Mbappé, wengine wanasema Em-bape kana kwamba ile M ni herufi iliyopotea njia. Mtangazaji wa Kiswahili akaisoma moja kwa moja, mba kama mbali. Baba yake ana asili ya Kamerun, kwa hiyo jina lenyewe ni la huku kwetu. Nkunku vilevile, hakuna aliyejikwaa. Ila wapo watangazaji wetu wanaoiga televisheni ya Kiingereza na kusema Em-bape, jambo linaloniuma kweli.

Mzee wa Studio:
Kijana umegusa kidonda cha studio. Nitawapa mfano mmoja niuchambue hadi mwisho.

Angela Merkel alikuwa kansela wa Ujerumani kuanzia 2005 hadi 2021, miaka 16, na jina lake halikupita wiki bila kusomwa. Studioni tuligawanyika. Waliosoma Kiingereza sana walisema Anjela, mkazo mwanzoni. Walionyooka na Kiswahili walisoma kilichoandikwa: A-nge-la, ng kama ya ngeli, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu karibu yote. Wa kwanza waliwacheka wa pili.

Sasa sikiliza Wajerumani. Hawana j hapo, wanatamka ng na g kama sisi. Na mkazo? Wajerumani wengi huuweka mwanzoni kwa jina hilo, lakini Merkel mwenyewe alijulikana kupendelea silabi ya pili, Angéla. Yaani yule msomaji aliyechekwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mwenye jina.

Tangu hapo tukaweka utaratibu. Jina geni likifika usilipitishe kwanza Uingereza. Mpigie simu mwandishi aliye huko, sikiliza mwenyewe akijitaja ikiwa sauti ipo, kisha liandike kwa penseli juu ya jina, silabi kwa silabi. Ahmadinejad tulimkata hivi: Ah-ma-di-ne-ja-di. Ukishamkata hakutishi.

Chaki Nyeupe:
Basi kwa nini hiyo penseli isiwe ndiyo maandishi ya gazeti? Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, toleo la 1963 liliitwa Julius Caezar. Alipolirekebisha 1969 likawa Juliasi Kaizari. Yeye hakuogopa. Gazeti likiandika Trampu, mtoto wangu wa darasa la tatu atasoma bila kukwama. Sasa anakutana na Trump anasoma Tru-mpu, kisha anaambiwa amekosea, ilhali amefuata kila nilichomfundisha.

Mhariri wa Usiku:
Mwalimu, kwa Trump naweza kukuelewa. Nipe Xi Jinping. Kiswahili hakina x, na sauti inakaribia sh, kwa hiyo kwa kanuni yako niandike Shi. Lakini Wachina wana ukoo mwingine unaoandikwa Shi kwa herufi za Kirumi. Siku nitakapokuwa na Shi na Xi katika habari moja, nimewafanya ndugu. Na msomaji anayetaka kumtafuta kwenye mtandao hatampata. Kaizari hana tatizo hilo, alishakufa na yuko mmoja vitabuni.

Chaki Nyeupe:
Mtoto wa darasa la tatu hamtafuti Xi mtandaoni. Anataka kujua amwiteje.

Mkongo wa Bukavu:
Samahani, mimi bado niko kwa Juliasi Kaizari. Juliasi imetoka sikioni, hivyo ndivyo Mwingereza anavyotamka. Lakini Mwingereza hasemi Kaizari, anasema Siza. Na Biblia ina Kaisari, kwa s. Hiyo z ilitoka wapi?

Mzee wa Studio:
Mjerumani humwita mfalme wake Kaiser, na hapo s anaitamka z. Wazee waliotawaliwa naye walilisikia neno hilo sana. Huenda ni hapo, lakini siwezi kuapa.

Mhariri wa Usiku:
Au Mwalimu Nyerere aliitunza tu ile z ya Caezar ya 1963.

Mwalimu Chaki, nimefikiria hoja yako. Nitapeleka pendekezo kwenye kikao cha wahariri: jina litajwalo mara ya kwanza libaki na herufi zake, kisha mabano yenye matamshi kwa silabi zetu, mara moja tu kwa habari. Sijui kama watakubali, nafasi ya ukurasa ni ndogo. Ila nahitaji msaada kwenye orodha ya kwanza. Macron wengine wanatamka Makro, wengine Makroni. Mkongo, ninyi mnamwitaje?

Mkongo wa Bukavu:
Makro kwa waliosoma Kifaransa. Mama yangu anasema Makroni.

Chaki Nyeupe:
Andika la mama.