Mvua imegoma Moroto, Uganda: tuombe wote uwanja mmoja au kila mtu kivyake?

Muuza mtama: Jameni, mwezi wa tano unaisha, mtama ulichipuka ukakauka. Wakubwa wa mtaa wanataka Ijumaa tukutane uwanja wa mpira, shehe, padri na wazee wa akiriket, kile kikao cha ibada ya jadi cha Wakaramoja, tuombe mvua pamoja halafu ng'ombe auawe watu wale. Iko sawa hiyo?

Dereva wa lori: Iko sawa kabisa, mvua hainyeshei dini moja. Sisi Waislamu tuna swala yetu ya mvua, rakaa mbili kama ya Idi, kwa hiyo unavaa kanzu mpya na manukato, na nguo unaigeuza ndani nje tangu nyumbani.

Ostadhi: Ndugu yangu, rakaa mbili sawa, takbira saba halafu tano sawa, lakini kwa mavazi umepotea. Idi ni furaha, huku ni kulia shida. Unatoka na nguo safi za kazi za kila siku, bila manukato, unatembea polepole na kichwa chini, na mnatoka na wazee na watoto, hata mifugo, maana nao wana kiu. Nguo haigeuzwi nyumbani. Baada ya swala imamu anahutubia, badala ya takbira za Idi anaanza na istighfari, na kwenye hotuba ya pili anaelekea kibla na kugeuza shuka yake, upande wa kulia unaenda kushoto, na wanaume waliokaa wanageuza za kwao vilevile. Mtume alifanya hivyo, ni kama kumwambia Mungu na wewe geuza hali yetu. Asiye na shuka ageuze koti, mbona rahisi.

Fundi tenti: Mimi nina harusi ya mteja Jumamosi na mnaomba mvua?? Nani anamjua yule mzee wa kuzuia mvua, analipwa ngapi siku hizi

Mama wa parokia: Wewe nawe, watu wanakufa njaa unafikiria tenti. Kwetu mwaka fulani tulitoka kanisani mpaka mashambani, padri na stola ya zambarau, litania ya watakatifu inaimbwa njiani, kila mama na kibuyu cha mbegu abarikiwe nayo. Hatukuchinja kitu. Mimi sina shida na kuomba pamoja, shida yangu ni hiyo ng'ombe. Tunamwomba Mungu au tunamlisha?

Kijana wa Matheniko: Mama, hakuna anayemlisha Akuj, ndiye Mungu kwetu Wakaramoja. Akiriket si pikiniki na haifanywi uwanja wa mpira, inafanywa kwenye miti yake ambayo hakuna mtu anakata hata tawi. Wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye rika ndio wanakaa, nusu duara, kwa ukubwa wa rika, ukijikalisha juu ya wakubwa wako utaona. Mimi mwenyewe sijaingizwa, nachungulia kwa mbali tu. Ng'ombe dume anachomwa mkuki, wazee wanasoma utumbo, na yale majani ya tumboni wanapakwa watu kama baraka. Halafu mzee mmoja anasimama na fimbo, anasema neno fupi, wote wanaitikia kwa pamoja, anasema mvua ipo, wanajibu ipo, ng'ombe wapo, wapo, mpaka sauti inakuwa moja. Sasa mkileta hiyo kwenye maikrofoni mbele ya wakubwa inabaki ngoma ya wageni.

Ostadhi: Umenifungulia mlango. Ng'ombe wa mkuki kwetu ni mzoga, hatuwezi kula. Na tena kwa madhehebu yetu ya Shafi tunafunga siku tatu, ya nne tunatoka bado tumefunga, kwa hiyo Ijumaa mchana hata mngechinja halali sisi tungebaki kutazama moshi tu. Vitabu vyetu vinasema wasio Waislamu wakitoka kuomba wasizuiwe, ila tusichanganyike safu. Mimi naona siku iwe moja, viwanja viwe tofauti.

Dereva wa lori: Hiyo ni ubaguzi shehe. Na kama ng'ombe akichinjwa na Mwislamu, wote si wanakula?

Kijana wa Matheniko: Akikatwa shingo si akiriket tena, ni nyama tu. Wazee hawatakuja.

Mama wa parokia: Basi hela ya ng'ombe inunue mbegu.

Kijana wa Matheniko: Hela gani mama? Ng'ombe hanunuliwi kwa mchango, wazee wanamfuata mtu mwenye mifugo wanamwambia tunamtaka yule, na anatoa. Wakubwa wakinunua wao sokoni, baraka ni ya nani?

Muuza mtama: Sasa mnanichanganya zaidi. Na kama ikinyesha Alhamisi usiku?

Ostadhi: Sisi tutatoka vilevile, kushukuru. Rakaa zilezile.

Fundi tenti: Haki mniambie namba ya yule mzee