Kamati ya Mavazi: Harusi ya Nasra

Da Rehema, 08:12
Asalaam aleikum. Magauni ya kichen pati ndiyo yanavaliwa Jumamosi, kwa hiyo yafuliwe leo. Kwenye lebo kuna beseni lenye mkono, pembetatu yenye X, mraba wenye duara ndani nao una X, pasi yenye nukta moja, na duara lenye P. Nani anajua kuisoma?

Da Rehema, 08:51
Tiki za bluu naziona.

Mjomba Kassim, 09:03
Pembetatu ni hatari, kama barabarani. Msifue kabisa.

Da Rehema, 09:04
Mjomba jamani, yananuka pilau.

Shabani Dobi, 10:20
Nilikuwa kazini. Pembetatu ni jiki. Ikiwa tupu, jiki ruksa. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari ndani, tumia ile isiyo na klorini. Ikiwa na X, msitie kabisa. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40. Minyaminya tu, usisugue wala kusokota.

Mama Zai, 10:31
Langu beseni lina 30. Nimeloweka dakika 30 kamili.

Shabani Dobi, 10:33
😂 30 ni joto la maji, mama, siyo saa.

Da Rehema, 10:34
Kumbe lebo yako ni tofauti? Si tulikubaliana duka moja?

Mama Zai, 10:36
Usinianze. Vitenge vya Tanga bado nakudai.

Mjomba Kassim, 10:40
Pilau lenyewe lilikuwa tamu lakini.

Da Rehema, 10:41
Mjomba!! Shabani, huo mraba wenye X ndiyo tusianike?

Shabani Dobi, 10:52
Anikeni. Duara ndani ya mraba ni mashine ya kukaushia, hiyo ndiyo imekatazwa. P ni ujumbe wa dobi wa drai klini, kwamba dawa yake ya kawaida inafaa, lakini hamlazimiki kupeleka. Pasi nukta moja ni moto mdogo kabisa, bila mvuke. Geuzeni gauni ndani nje, mjaribu kwanza kwenye pindo. Pasi ikianza kunata, mmeshaunguza.

Mama Zai, 10:58
Umeme ukikatika ipo ya mkaa kwa Bibi.

Bibi, 11:30
Zai ameniandikia. Pasi ya mkaa haina nukta. Kanzu ya marehemu iliungulia humo na mnamjua aliyeishika. Magauni yaje kwangu, Shabani ayafue mwenyewe.

Da Rehema, 11:58
Sawa Bibi.

Mama Zai, 12:10
Sawa Bibi.

Shabani Dobi, 13:15
Shikamoo Bibi. Niko zamu mpaka Ijumaa usiku.

Da Rehema, 13:16
Yatakauka saa ngapi?

Nasra, 16:44
Samahani, nilikuwa kwa fundi. Langu lile jeupe lebo niliikata, ilikuwa inaniwasha shingo. Naweza kutia jiki?

Da Rehema, 16:44
Nasra usiguse kitu. Nipigie.