Nimeandika barua ya malalamiko kuhusu supavaiza, utumishi wamempa yeye mwenyewe!!

Wakuu naandika niko kwenye daladala, foleni ya Tazara haisogei na mimi nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nipo stoo kwenye ghala moja huku Barabara ya Nyerere, jina siweki, mwaka wa tatu huu na sijawahi kupewa onyo hata la mdomo. Februari mwaka huu wa 2025 akaja supavaiza mpya na ndo balaa likaanza.

Barua ya kwanza niliandika mwishoni mwa Aprili, kurasa mbili nzima, ananichukia, ananidhalilisha, hana utu. Afisa utumishi akasoma akaniambia dada hizi ni hisia, sina cha kumuuliza mtu hapa. Iliniuma ila alikuwa na pointi. Shemeji yangu ambaye ni mwakilishi wa wafanyakazi kwao akanikalisha chini, kila tukio weka siku, saa, sehemu, maneno yaliyotamkwa na nani alikuwepo, na kama hakukuwa na mtu sema hakukuwa na mtu. Ikatoka ukurasa mmoja. Kipande chake hiki:

"Jumanne 4 Machi saa 2 asubuhi, kwenye kikao cha zamu mbele ya wenzangu saba, alisema: wewe ni mzigo hapa stoo, hata kuhesabu katoni huwezi. Siku hiyo hesabu yangu haikuwa na upungufu, daftari lipo.
Jumatano 19 Machi alinikatalia ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, fomu niliijaza siku tano kabla. Wenzangu wawili walipewa ruhusa siku hiyo hiyo.
Ijumaa 11 Aprili saa 4 usiku alinihamishia zamu ya usiku kwa meseji, mara ya nne ndani ya wiki sita. Meseji zote nimeambatisha.
Naomba nisikilizwe na mtu asiye wa idara hii, niruhusiwe kuja na mwenzangu, na supavaiza naye apewe nafasi ya kujibu."

Jumatatu 12 Mei nimepeleka nakala mbili, wakagoma kugonga muhuri kwenye ya kwangu, nikaituma na kwa baruapepe hapo hapo. Alhamisi naitwa ofisini, namkuta supavaiza kaishika BARUA YANGU mkononi, eti "kwa hiyo mimi nakuonea? Basi andika ya kuacha kazi." Utumishi wanasema wamempa ayamalize ndani ya idara. Jamani si nimeomba mtu wa nje ya idara?? Niache kazi au?

*

Kibonge wa Mbagala: Acha kazi nenda Tume ya Usuluhishi. Sheria inatambua kulazimishwa kuacha kazi, hapo umeshashinda dada.

Binti Stoo (mleta uzi): Kweli?

Mzee wa Kurasini: Nusu kweli, hiyo nusu nyingine ndo itakayomuumiza. Kuna Kanuni za Utendaji Bora za 2007, ukisema umeacha kwa sababu ulitendewa isivyo haki utaulizwa ulitumia njia za malalamiko zilizopo hapo kazini au la, na kama hukutumia ulikuwa na sababu gani ya msingi. Akiondoka leo watasema barua ilikuwa bado inashughulikiwa. Na akishatoka ana siku 30 tu za kufungua mgogoro. Dada usisaini chochote. Andika barua fupi kwa meneja aliye juu ya utumishi, sema malalamiko ya tarehe 12 yamekabidhiwa kwa mlalamikiwa, eleza alichokwambia tarehe 15, omba apangwe mtu mwingine. Hiyo baruapepe ndo muhuri wako, usiifute.

Kibonge wa Mbagala: Lakini ile ya kliniki si ubaguzi wa jinsia kabisa?

Mzee wa Kurasini: Inategemea. Waliopewa ruhusa wakiwa wanawake hoja inalegea. Unyanyasaji kwenye Sheria ya Ajira ya 2004 umefungwa na ubaguzi, jinsia, kabila, dini, ujauzito na kadhalika. Bosi anayetukana watu wote haingii pale kirahisi.

Chakubanga: Mimi ovataimu ya tangu Januari sijalipwa, niandike barua kama hii?

Mzee wa Kurasini: Hayo ni madai ya hela kaka, fungua uzi wako.

Binti Stoo: Waliopewa ruhusa mmoja mwanaume mmoja mwanamke, sasa sijui. Barua kwa meneja naandika usiku huu, mtoto akishalala. Ila kuna kingine, kati ya wale saba nilitaja wawili kuwa mashahidi na mmoja kanipigia mchana huu, ana mkopo wa kazini, anataka nimtoe jina. Namtoaje wakati supavaiza ameshalisoma?

Mzee wa Kurasini: Hapo hata mimi sina jibu zuri.