Dai la hataza kwa Kiswahili: sentensi ivunjwe au ibaki moja?

MwanaTanga: Habari zenu. Natafsiri hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya pampu ya maji ya mkono kutoka Kiingereza. Dai la 1, linaloweka mpaka wa kinacholindwa, ni sentensi moja ndefu inayojaza nusu ukurasa. Niliivunja ikawa sentensi fupi, mteja akanirudishia akisema nimebadilisha upeo wa ulinzi, wakati sikuongeza wala kupunguza kitu. Je, ni lazima dai libaki sentensi moja? Kiini chake, kwa nilivyotafsiri:

"Pampu ina silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni. Kuna tangi. Tangi limeunganishwa kwenye silinda kwa mrija. Mrija una vali."

Mhariri_Mwandamizi: Umefanya sawasawa, mwanangu. Nimehariri vitabu kwa miaka mingi, na sentensi ya nusu ukurasa si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Msomaji akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Huyo mteja wako anaonea lugha.

Wakili_Kisimani: Mteja wako yuko sahihi, na sentensi yako ya tatu inaonyesha kwa nini. "Kuna tangi." Liko wapi? Ni sehemu ya pampu, au liko tu hapo uwanjani pampu ikichota kutoka kwake? Katika sentensi moja, neno "pampu yenye" linashika kila kinachofuata mpaka nukta. Ukiweka nukta mapema umelikata hilo shiko. Mtu anaingilia dai pale tu mashine yake ina vipengele vyote pamoja, kwa hiyo tangi likiwa nje ya pampu, hesabu imebadilika. Wahariri hawaoni hili kwa sababu hawajawahi kuulizwa nukta moja mbele ya jaji.

Mhariri_Mwandamizi: Sijasimama mbele ya jaji, lakini nimesoma hukumu zilizoandikwa kwa sentensi ambazo hata aliyeziandika asingezirudia kwa mdomo. Msijifiche nyuma ya joho. Mngejifunza Kiswahili kwanza, mngejua kwamba tuna "ambapo", tuna "huku", tuna nukta mkato.

Wakili_Kisimani: Na nukta mkato ndiyo ninayoipendekeza! Nani amezikataa? Iwe sentensi moja, lakini kila kipengele kianze mstari wake, kimesogezwa ndani kidogo, kikaishia nukta mkato. Kanuni za Marekani zenyewe zinataka vipengele vitenganishwe kwa mistari hivyo. Jicho linapumzika na shiko halikatiki.

MwanaTanga: Hilo la mistari linanitosha. Lakini naomba tusigombane, bado nina maswali.

Fundi_Bomba: Mimi siyo mwanasheria, nafunga pampu. Nauliza tu: kwa nini vali umeiweka kwenye mrija? Pampu nyingi ninazofungua, vali ya kuzuia maji yasirudi huwa imefungwa ukutani mwa tangi, pale tundu la kuingilia lilipo. Ukiipeleka kwenye mrija, hiyo ni pampu nyingine.

MwanaTanga: Kiingereza kimesema tangi limeunganishwa na silinda kwa mrija, halafu papo hapo kikasema "-enye vali". Nikaona kilicho karibu ni mrija.

MzeeHataza: Hapa ndipo pa kukaa, hayo ya nukta ni madogo. Neno lile la Kiingereza halina ngeli. Halisemi mwenye vali ni tangi au ni mrija. Kiswahili hakikupi nafasi ya kunyamaza: ukisema "wenye" umeshapa mrija, ukisema "lenye" umeshapa tangi. Fundi ameligusa kwa uzoefu wake. Kiambishi kimoja kimeamua jambo ambalo mvumbuzi hakuliamua. MwanaTanga, dai la 3 linasemaje?

MwanaTanga: "Pampu kulingana na dai la 1, ambapo vali hiyo imefungwa kwenye ukuta wa tangi."

MzeeHataza: Basi tazama ulichofanya. Dai tegemezi linabeba kila kilichomo katika dai la 1, kisha linaongeza sharti. Dai lako la 1 linasema vali iko kwenye mrija. Dai la 3 linasema vali hiyo hiyo iko ukutani mwa tangi. Hakuna pampu ya vali moja inayoweza kutimiza yote mawili. Umeliua dai la 3, na pampu zote anazozifungua Fundi zimetoka nje ya ulinzi. Hivi ndivyo kosa la upeo linavyogundulika: usisome dai la 1 peke yake, lipitishe kwenye kila dai linalolitegemea, uone kama bado linapumua.

Kasuku_wa_Pwani: Jameni mnahangaika bure. Tafsiri haina nguvu kisheria. Ulaya sheria yao inasema maandishi halisi ni ya ile lugha iliyotumika kwenye ofisi ya hataza, basi. Tafsiri ni ya kusomea tu.

MzeeHataza: Nusu ya hiyo ni kweli, ndugu yangu. Ibara ya 70 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inasema hivyo. Lakini ibara hiyo hiyo inaruhusu nchi mwanachama kuamua kwamba, tafsiri ikitoa ulinzi mwembamba kuliko wa asili, tafsiri ndiyo itakayofuatwa nchini mwake. Na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, kwenye ibara ya 46, unasema upande wa pili: tafsiri ikifanya ulinzi uwe mpana kuliko maombi ya asili, nchi inaweza kuupunguza, tena kwa kurudi nyuma. Ukikosea kwa kubana, mteja anaweza kubaki na kilichobanwa. Ukikosea kwa kupanua, kinaweza kukatwa. Hakuna kosa linalompa faida.

Mkulima_Babati: Samahani wakuu, mimi nina mashine yangu ya kupukuchua mahindi, nimeibuni mwenyewe. Sasa kama hataza inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, niandike dai langu hapa mnisaidie? Jirani ameanza kuchungulia karakana.

Wakili_Kisimani: Ndugu Mkulima, usiandike kitu hapa. Ukikiweka hadharani kabla ya kuomba unaweza kupoteza upya wa uvumbuzi wako. Na lugha: ARIPO, shirika la kikanda la Afrika linaloshughulikia hataza kule Harare, inafanya kazi kwa Kiingereza, na lugha kumi za kuchapishia maombi ya kimataifa hazina Kiswahili ndani yake. Muone mtaalamu ana kwa ana, kabla jirani hajawa tatizo.

Mkulima_Babati: Nimekuelewa, ahsante. Ila inauma.

Mhariri_Mwandamizi: Inauma kweli, na sababu ni watu wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba fani. Huyu dada anafanya kazi ya kukibebesha, mnamtisha kwa ngeli.

MzeeHataza: Hakuna anayekitisha Kiswahili, mwalimu. Nasema kinaona kitu ambacho Kiingereza hakikioni. Hiyo ni nguvu, lakini mtafsiri akiitumia ovyo anakuwa amehukumu.

MwanaTanga: Nimerudi kwenye michoro. Mchoro wa 1 unaonyesha vali ukutani mwa tangi. Mchoro wa 2 unaonyesha vali katikati ya mrija. Yote miwili inaelezwa kuwa ni namna za uvumbuzi huo huo. Kwa hiyo nikiandika "lenye" pia nakosea?

MzeeHataza: Ndiyo, kwa sababu utautoa mchoro wa 2. Unachohitaji ni sentensi inayobaki wazi kama asili ilivyo wazi. Acha "mrija", weka "bomba". Soma sasa: "tangi lililounganishwa kwenye silinda kwa bomba lenye vali". Tangi na bomba ni ngeli moja, yote mawili yanachukua "lenye". Utata wa Kiingereza umehamia Kiswahili mzima mzima, wala hukulazimika kuongeza neno.

Fundi_Bomba: Mzee, nakuheshimu, lakini mrija siyo bomba. Dukani nikiomba bomba wananipa la inchi moja, ngumu. Nikiomba mrija wananipa mpira mwembamba. Ukibadilisha jina kwa ajili ya ngeli umebadilisha chombo.

Mhariri_Mwandamizi: Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na mtu. Na mwisho wa siku, sikio la Mswahili litasikia "bomba lenye vali" na kuipa vali bomba, kwa sababu ndilo lililo jirani. Huo utata wako uko kwenye karatasi tu.

MzeeHataza: Hoja ya sikio naipokea, ina uzito. Ila hata Kiingereza sikio linavuta kwa jirani, ndiyo maana dada aliandika "Mrija una vali". Kilicho muhimu ni kwamba sarufi haikufunga mlango. Kuhusu mrija na bomba, tuulize asili: neno lililotumika ni la mfereji wowote wa maji, au la kitu chembamba?

MwanaTanga: Ni la jumla. Maelezo yanasema linaweza kuwa gumu au la kunyumbulika. "Mrija" nililichagua mimi kwa kuangalia mchoro, kwa sababu umechorwa mwembamba.

Wakili_Kisimani: Basi ulibana mara mbili bila kujua, dada. Mchoro ni mfano, dai ndilo mpaka. Kuna kesi ya Uingereza, Catnic, ya linta za chuma kwenye majengo. Dai lilisema bamba la nyuma linasimama wima. Mshindani akalilaza kidogo, nyuzi 6, baadaye 8, akasema langu si wima. Mwaka 1980 Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, likasema ameingilia, kwa sababu fundi anayesoma angeelewa kwamba mteremko ule hauondoi kazi ya bamba. Sasa fikiria mtafsiri ameandika "wima kabisa" ili ipendeze. Neno moja la urembo, na mshindani ana pa kutokea.

Kasuku_wa_Pwani: Na ile ya "nyingi"? Mimi niliwahi kuandika "vali nyingi", mhakiki akafuta akaandika "vali mbili au zaidi". Niliona ananionea.

Wakili_Kisimani: Hakukuonea. Neno la Kiingereza la wingi kwenye madai linaanzia mbili. Mtu mwenye vali mbili angesema kwa Kiswahili chetu mbili si nyingi, na angekuwa sahihi.

Fundi_Bomba: Hapo nimekubali. Ila kwa "bomba" bado nasema, fundi akisoma "bomba" hatafikiria mpira.

MzeeHataza: Ndiyo maana maelezo yapo. Tafsiri sentensi ile ya "gumu au la kunyumbulika" kwa neno hilo hilo "bomba", kila mahali, bila kubadilisha hata mara moja kwa ajili ya ladha. Neno moja kwa kitu kimoja kuanzia dai la kwanza hadi mwisho wa maelezo.

Mhariri_Mwandamizi: Kurudia neno moja mara sitini. Mungu atusaidie.

MwanaTanga: Nimeandika upya, naituma kwa mteja jioni:

"Pampu yenye:
silinda;
pistoni iliyo ndani ya silinda hiyo; na
tangi lililounganishwa kwenye silinda hiyo kwa bomba lenye vali."

Nimeambatisha barua kwamba sentensi ya asili ina njia mbili za kusomeka, na kwamba nimeziacha zote mbili makusudi.

Wakili_Kisimani: Barua ni sawa. Ila kwenye "yenye" ya mwanzo, hakikisha asili haikusema "ni hivi tu". "Yenye" inamwachia mtu aongeze mpini na bado awe ndani ya dai.

MwanaTanga: Haikusema hivyo. Nimeangalia mara mbili.

Fundi_Bomba: Dada, mteja akijibu kuhusu bomba utuambie. Mimi nikiwa yeye ningesema "mfereji".

MzeeHataza: "Mfereji wenye"? Tumerudi kwenye mrija, fundi.